Karoseli ya Orodha ya Bure: Akishakomenti, Ataipataje?

Karoseli nyingi za Instagram, yaani posti za slaidi kadhaa, zinazogawa kitu cha bure huishia na "Komenti NATAKA nikutumie." Basi. Haisemwi kitatumwa wapi, kitafika baada ya muda gani, kama ni faili au linki, wala kama mtu ataombwa namba ya simu kabla hajakiona. Mfuasi anakomenti, anasubiri, haoni kitu, na kesho yake anarudi chini ya posti kuandika "Mbona sijapata?" Komenti za namna hiyo zikishapangana tano sita, anayekuja baadaye huzisoma kabla hata hajaisoma ahadi yako, naye anajiendea zake.

Hapa nitafuata mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Tuseme una kanta moja na vijana watatu, na kazi yako ni kuhamisha watu nyumba Nairobi: Kasarani, Roysambu, Embakasi, mpaka Rongai. Unataka watu wakufahamu wakiwa bado wanatafuta nyumba, kwa sababu mtu akishalipa dipoziti Jumamosi, Jumapili tayari keretaka ameshamuitia kanta ya rafiki yake. Kwa hiyo unatoa bure orodha ya mambo ya kukagua kabla ya kulipa dipoziti, na unaitangaza kwa karoseli ya Instagram.

Hatua ya 1: Iandike orodha yenyewe kwanza

Usitengeneze karoseli ya kitu ambacho hakijaandikwa. Ukianza na karoseli utaahidi "mambo 50", kisha usiku wa manane uko unajaza mambo ya kubahatisha ili yafike 50.

Orodha ya kukagua nyumba haihitaji zaidi ya ukurasa mmoja, kwa sababu atakayeitumia amesimama kwenye korido ya ghorofa ya nne, simu mkononi, keretaka akimharakisha. Mambo kumi na mawili yanatosha, na kila moja liwe tendo analoweza kulifanya pale pale. "Angalia hali ya maji" si tendo. "Fungua bomba la jikoni na la bafu kwa wakati mmoja, uone kama yote mawili yanatoka" ni tendo. Vivyo hivyo: uliza maji ya kaunti huja siku gani, na siku nyingine mnatumia tangi, kisima au mkokoteni wa mitungi. Uliza kama mita ya tokeni ni ya nyumba hii peke yake au mnachangia na jirani. Funga mlango wa chumba cha kulala, piga simu, usikie kama mtandao unashika. Uliza dipoziti hurudishwa baada ya siku ngapi mtu akihama, na hukatwa kiasi gani cha rangi. Angalia kama jina la anayepokea pesa ndilo lililo kwenye mkataba.

Kisha weka mambo mawili yanayoigusa kazi yako, lakini yenye faida ya kweli kwa msomaji: je, kanta inaweza kuingia hadi mlangoni au itaachwa barabarani, na je, kona za ngazi zinapitisha kochi la watu watatu? Hayo ndiyo maswali yanayoongeza gharama ya kuhama, na mtu akifika hapo jina lako chini ya ukurasa linaeleweka lenyewe. Huna haja ya kujisifu mahali pengine popote ndani ya orodha.

Hatua ya 2: Chagua njia moja ya kupokelea

Njia zinazotumika sana ni tatu. Ya kwanza, mtu anakomenti neno fulani na mfumo wa kujibu wenyewe unamtumia ujumbe wa DM. Ya pili, anabonyeza linki kwenye baio, anajaza fomu, anapewa faili. Ya tatu, anakuandikia WhatsApp. Kosa la kawaida ni kuziweka zote tatu kwenye slaidi moja, "komenti, au DM, au linki kwenye baio," ukidhani unamrahisishia. Mtu mmoja anajaribu mbili, anapata majibu mawili tofauti, na wewe huwezi tena kujua ni njia ipi iliyokwama.

Kwa mfano wetu ninachagua komenti, kwa sababu mtu anaifanya bila kutoka kwenye posti. Linki ikiandikwa kwenye kepsheni haibonyezeki, na kumtoa mtu kwenye karoseli hadi kwenye baio ni safari ambayo wengi huikatiza njiani. Fomu iache hadi utakapokuwa na sababu ya kweli ya kukusanya barua pepe. Mwenye kanta hana.

Kama utatumia mfumo kama ManyChat, kuna mambo ya kuyajua mapema, maana ndiyo yanayoamua utaahidi nini kwenye slaidi.

Akaunti yako lazima iwe ya kikazi, yaani ya biashara au ya mbunifu wa maudhui. Kisha ndani ya mipangilio ya ujumbe ya Instagram kuna kitufe kinachoitwa "Allow access to messages". Kikiwa kimezimwa, mfumo utaonekana umeunganishwa vizuri lakini hautatuma kitu.

Instagram inauruhusu mfumo kumtumia aliyekomenti ujumbe mmoja tu kwa komenti hiyo, na lazima utumwe ndani ya siku 7. Baada ya hapo huwezi kumtumia mwingine mpaka yeye mwenyewe ajibu au abonyeze kitufe ndani ya ujumbe. Akibonyeza, unafunguka muda wa saa 24 wa kuendelea kuzungumza naye. Ndiyo maana ujumbe wa kwanza mara nyingi huwa na kitufe cha "Nitumie orodha" badala ya linki tupu. Lakini msomaji wako hajui sheria hizo. Yeye anaona ujumbe kutoka akaunti ya biashara wenye kitufe, na Nairobi tumeshazoea kuogopa vitufe. Kama kuna kitufe, slaidi imwambie kuna kitufe.

La mwisho, na ndilo linaloua karoseli nyingi: ujumbe unaomtumia mtu asiyekufuata, au ambaye hamjawahi kuandikiana, mara nyingi hauingii kwenye kikasha chake cha kawaida. Unaingia sehemu ya maombi ya ujumbe, inayosomeka "Requests" juu ya orodha ya DM, na mara nyingi simu hailii. Mfumo wako unakuambia umetuma, na ni kweli umetuma. Yeye anasema hajapata, naye kwa jinsi anavyoona hadanganyi.

Huna mfumo? Unaweza kutuma kwa mkono, ila sema hivyo. "Nitakutumia mwenyewe kati ya saa 2 asubuhi na saa 2 usiku" ni ahadi nzuri kuliko "utapata papo hapo" isiyotimia. Na usinakili ujumbe mmoja kuwabandikia watu wengi kwa dakika chache, kwa maana Instagram huweza kukuona kama mtuma takataka na kukufungia kutuma kwa muda.

Hatua ya 3: Tengeneza faili na linki isiyokwama

Toa orodha kama PDF ya ukurasa mmoja, herufi kubwa za kusomeka kwenye simu bila kuvuta kwa vidole. Faili ibaki chini ya MB 1. Picha ya kanta yako yenye mwanga wa machweo haihitajiki humo. Inakula bando la mtu. Lipe faili jina linaloeleweka, kwa sababu ndilo litakaloonekana kwenye simu yake wiki mbili baadaye akilitafuta:

```
Orodha-Kukagua-Nyumba-Nairobi.pdf
```

Ukiiweka kwenye Google Drive, ingia sehemu ya "Share", na chini ya "General access" badilisha "Restricted" iwe "Anyone with the link", nafasi ikiwa "Viewer". Usipobadilisha, kila atakayebonyeza atakutana na ukurasa wa kuomba ruhusa, nawe utaona barua pepe za "Share request" zikimiminika kwenye Gmail yako. Hiyo ndiyo dalili rahisi kuliko zote kuitambua. Na ukiweka "Editor" kwa bahati mbaya, asubuhi unaweza kukuta mtu amelibadilisha faili.

Siku utakapotaka kurekebisha jambo kwenye orodha, usipakie faili jipya, kwa sababu litakuwa na linki mpya na ile ya zamani itabaki na mambo ya zamani. Bonyeza faili lile lile, tafuta "Manage versions", pakia toleo jipya humo. Linki haibadiliki.

Kuna suala la bando ambalo watu wanaotumia waifai ya ofisini hulisahau. Wapo wafuasi wanaonunua bando la mitandao ya kijamii pekee, kama Instagram na WhatsApp, na bando hilo halifungui linki ya Drive. Hao waandalie mlango wa WhatsApp, lakini uuweke ndani ya ujumbe wa DM, usiuweke kwenye slaidi. Linki ya WhatsApp huandikwa hivi, namba ikianza na 254, bila alama ya kujumlisha na bila sifuri ya mwanzo:

```
https://wa.me/2547XXXXXXXX?text=HAMA
```

Ukiandika 07 badala ya 2547, itafunguka kisha imwambie namba haipo. Akiingia, mtumie PDF yenyewe ndani ya WhatsApp, maana ukimtumia tena linki ya Drive utakuwa hujamsaidia chochote.

Hatua ya 4: Slaidi ya kupokea iandikwe kabla ya nyingine

Wengi huibuni slaidi hii mwisho, wameshachoka, na inaonekana. Mimi huianza. Ina kazi ya kujibu mambo matano: nifanye nini, kitakuja wapi, kitafika lini, kitakuwa nini, na utanidai nini. Hebu tazama hii, ambayo ni ya aina tunayoiona kila siku:

> UNAIHITAJI? Komenti HAMA nikutumie orodha YA BURE! Usisahau kufollow, kulike na kushare!

Imejibu swali moja kati ya matano, kisha ikaongeza madai matatu. Sasa ile ile, baada ya kuandikwa upya:

> Ili upate orodha:
> 1. Andika HAMA kwenye komenti.
> 2. Ndani ya dakika chache utapata DM kutoka akaunti hii. Usipoiona, angalia "Requests" juu ya DM zako.
> 3. Bonyeza "Nitumie orodha". Utapewa linki ya PDF, ukurasa mmoja, chini ya MB 1.
> Hatukuombi namba ya simu wala barua pepe. Hakuna malipo.

Ni maneno mengi kuliko slaidi za kawaida, na mbunifu wako wa picha atalalamika. Mwache alalamike. Aliyefika slaidi hii ameshaamua anaitaka. Anachotafuta ni maelekezo, na atasoma. Ila herufi zisiwe ndogo kwa sababu maneno ni mengi. Punguza mapambo, usipunguze herufi.

Angalia maneno "kutoka akaunti hii". Yamewekwa kwa makusudi. Posti yenye komenti nyingi za neno moja huwavutia matapeli, hufungua akaunti yenye jina na picha kama yako, wanapita wakiwaandikia waliokomenti: "Habari, orodha yako iko tayari, lipa 50 ya usajili." Ukiwa umeshasema hakuna malipo na ujumbe unatoka wapi, mfuasi ana kitu cha kulinganisha. Andika jina kamili la akaunti yako kwenye slaidi hiyo ikiwa nafasi ipo.

Je, umlazimishe kukufuata kwanza? Mifumo mingine inaweza kukagua kama mtu anakufuata kabla ya kumpa linki. Mimi siipendi hiyo, lakini ukiamua kuitumia, iandike kama namba 1 kwenye slaidi. Kinachoudhi ni mtu kukomenti, kufungua DM, kubonyeza kitufe, halafu ndipo aambiwe kuna sharti.

Neno lenyewe liwe fupi na la kawaida, lakini lijaribu kwenye simu kadhaa uone kibodi inalibadilisha kuwa nini, maana kibodi iliyowekwa Kiingereza hujifanya inajua zaidi. Kwenye mfumo weka pia "nahama", "nihame" na "hama tafadhali", maana watu watakujibu kama wanavyojibu binadamu mwenzao.

Hatua ya 5: Sasa slaidi nyingine

Tumia ukubwa wa 1080 kwa 1350. Slaidi zote hufuata umbo la ile ya kwanza, kwa hiyo usichanganye. Kwenye ukurasa wa wasifu, Instagram sasa huonyesha picha kwa umbo la 3 kwa 4, kwa hiyo kingo za kushoto na kulia hukatwa kidogo. Acha nafasi kama pikseli 80 kila upande bila maandishi. Instagram inaruhusu hadi slaidi 20, lakini kwa kazi hii 7 zinatosha.

Slaidi ya kwanza iseme kitu na mtu: "Unatafuta nyumba ya kupanga Nairobi? Kagua mambo haya 12 kabla ya kulipa dipoziti." Chini yake, kwa herufi ndogo lakini zinazosomeka: "Orodha ya bure, maelekezo slaidi ya 6." Mstari huo mfupi humpa mwenye haraka njia ya kukata kona.

Slaidi ya pili usiifanye kuwa "vuta kushoto". Instagram huweza kumrudishia mtu karoseli aliyoipita, na safari hii ikamwonyesha slaidi ya pili badala ya ya kwanza. Kwa hiyo isimame yenyewe. Hapa ningeweka jambo moja kamili kutoka kwenye orodha, lile la bomba: "Fungua bomba la jikoni na la bafu pamoja. Likifa moja, uliza tangi linajazwa siku gani, na uulize mpangaji, usimuulize keretaka."

Slaidi ya 3, ya 4 na ya 5 zitoe jambo moja kila moja: mita ya tokeni, dipoziti na rangi, kona za ngazi. Kwa hiyo umeshatoa manne kati ya kumi na mawili bila mtu kukomenti. Wengine huona hiyo ni hasara. Sioni hivyo. Mtu hawezi kujua kama orodha yako inafaa mpaka aonje sehemu yake, na yaliyobaki manane anayahitaji mkononi siku ya kwenda kuona nyumba, ambapo karoseli haimsaidii kama PDF.

Ya 6 ni ile ya kupokea. Ya 7 ni picha halisi ya ukurasa wa orodha ukiwa umefunguliwa kwenye simu, pamoja na neno HAMA. Usitumie kile kitabu cha kubuni chenye jalada gumu linalometameta. Ukurasa mmoja uonekane ukurasa mmoja.

Kabla hujapakia, kumbuka kwamba baada ya posti kutoka huwezi kubadilisha picha ya slaidi. Unaweza kufuta slaidi moja, unaweza kuhariri kepsheni, lakini neno lililokosewa kwenye slaidi ya 6 litabaki hivyo. Soma slaidi hiyo kwa sauti kwa mtu ambaye hajui unachofanya, kisha umuulize: "Sasa utafanya nini?"

Hatua ya 6: Kepsheni na komenti ya juu

Rudia maelekezo yale yale, kwa maneno yale yale. Kepsheni ina nafasi ya herufi 2,200, lakini mwanzoni huonekana mistari michache tu kabla ya kukatwa, kwa hiyo "Andika HAMA kwenye komenti upate PDF kwenye DM" iwe mstari wa kwanza. Kisha andika komenti yako mwenyewe na uibandike juu: "Umekomenti na huoni DM? Fungua 'Requests'. Bado? Jibu hapa niangalie." Komenti hiyo inaokoa watu wengi kuliko slaidi yoyote, kwa kuwa anayelalamika huanzia hapo hapo.

Waliokomenti ujibu pia hadharani, kwa maneno mafupi yanayobadilika kidogo: "Nimekutumia, dada, angalia DM." Mtu akiona wengine wanajibiwa, anajua hajaandika kwenye shimo.

Hatua ya 7: Ujumbe wa DM

Wa kwanza:

> Habari! Uliandika HAMA kwenye posti yetu ya kukagua nyumba. Orodha iko tayari, ni bure. Bonyeza hapa chini nikutumie linki.
> [Nitumie orodha]

Sentensi ya kumkumbusha alichofanya ni muhimu, kwa sababu anaweza kuuona ujumbe kesho akiwa ameshasahau. Wa pili, baada ya kubonyeza:

> Hii hapa: [linki]. PDF, ukurasa mmoja. Una bando la mitandao ya kijamii pekee? Bonyeza hapa nikutumie faili lenyewe: [linki ya WhatsApp].
> Ukishapata nyumba na ukihitaji kanta, niandikie hapa hapa.

Mauzo ni ule mstari mmoja wa mwisho. Usimtumie bei zako, picha kumi na ofa ya Ijumaa. Una saa 24 baada ya kubonyeza kwake, na unaweza kuuliza swali moja la maana baadaye jioni, kama "Unatafuta mtaa gani?" Akinyamaza, mwache.

Wanaokuja WhatsApp sasa wamekupa namba zao, na hapo sheria inaingia. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya 2019 inakutaka umwambie mtu unachukua taarifa zake kwa kazi gani, na upate ridhaa yake kabla ya kuzitumia kibiashara. Mtu aliyekuja kuchukua orodha ametoa namba kwa ajili ya orodha. Hajakubali kutiwa kwenye grupu la "Ofa za Kuhama", ambalo zaidi ya hayo linaianika namba yake kwa kila mwanachama. Ukitaka kumtumia matangazo, muulize wazi, ajibu ndiyo, na umwambie ataandika nini akitaka uache. Hata orodha ya kutangazia ya WhatsApp huwafikia tu waliohifadhi namba yako, kwa hiyo wale wa kulazimisha hawafikiwi hata hivyo.

Hatua ya 8: Jaribu kwa simu ya mtu mwingine

Usijaribu kwa akaunti yako wala ya kijana wa kanta anayekufuata tangu mwanzo; kwao kila kitu kitaingia kwenye kikasha cha kawaida. Tafuta mtu asiyekufuata, mwenye simu ya kawaida na bando la kawaida. Mkalishe pembeni, mwonyeshe posti, unyamaze. Angalia anapokwama. Akitafuta DM kwa zaidi ya nusu dakika, maneno ya "Requests" kwenye slaidi hayaonekani vya kutosha. Linki ikifunguka ndani ya Instagram na kumtaka aingie kwenye akaunti ya Google, rudi kwenye "General access".

Posti ikishatoka, linganisha mambo matatu tu: waliokomenti neno, waliobonyeza kitufe, waliofungua linki. Mfumo wa kujibu hukuonyesha mawili ya kwanza, na la tatu pia ukiiweka linki nyuma ya kitufe. Tuseme waliokomenti ni 80, waliobonyeza 30, waliofungua 28. Tatizo liko kati ya komenti na kitufe: ujumbe umefika "Requests" na watu hawajauona, au wameuona wakaogopa. Tiba ni komenti iliyobandikwa juu na majibu ya hadharani, na huna haja ya kugusa PDF. Ikiwa 80 walikomenti, 70 wakabonyeza na 20 wakafungua, linki yako inatisha, inachelewa au imefungwa. Na ikiwa waliokomenti ni wachache huku walioihifadhi karoseli ni wengi, basi slaidi zako zimetosheleza, au hawajaona slaidi ya 6. Jaribu kuisogeza iwe ya 4 kwenye posti inayofuata.

Mfumo wa kujibu usiuzime wiki ikiisha. Watu huhifadhi karoseli za nyumba na kuzirudia wakati mkataba wao unakaribia kwisha, pengine miezi mitano baadaye, na wataandika HAMA siku hiyo. Ukiamua kuacha kugawa orodha, hariri mstari wa kwanza wa kepsheni useme imekwisha, na uibadilishe ile komenti ya juu, kwa sababu slaidi ya 6 itaendelea kuahidi vile vile ilivyoahidi siku ya kwanza.